Video Mpya Inapozibeba za Zamani: Jinsi ya Kupima kwa Jumla ya Chaneli ya Kila Siku

Wenye chaneli za YouTube husema kwamba ukipandisha video mpya, za zamani nazo huamka. Mara nyingi ni kweli. Tatizo ni kwamba wengi huthibitisha jambo hilo kwa kuangalia mstari wa jumla ya chaneli ukipanda siku ya kupandisha, wakasahau kwamba sehemu kubwa ya mpando ule ni video mpya yenyewe. Wengine huona video moja ya mwaka juzi imepata watu ghafla, wakaamini mpya ndiyo iliyowaleta, kumbe kuna jambo jingine mtaani.

Mwongozo huu ni wako ikiwa unaendesha chaneli ndogo au ya kati na unataka kujua, kwa namba, video mpya inazipa za zamani kiasi gani. Mfano nitakaoufuata ni chaneli ya ufugaji wa kuku inayorekodiwa Maili Moja, Kibaha. Nimeuchagua kwa sababu mabanda ya kuku ni sehemu ya maisha ya huko, na kwa sababu video za ufugaji huishi muda mrefu. Somo la kulea vifaranga lililorekodiwa miaka mitatu iliyopita bado linamfaa anayeanza leo. Chaneli ya aina hiyo ndiyo yenye hazina ya zamani inayoweza kubebwa. Namba za mfano nimezitunga ili hesabu ionekane. Zako utazitoa kwenye chaneli yako.

Kwa nini video mpya huzivuta za zamani

Kuna njia mbili, na ni muhimu uzitofautishe kabla ya kupima.

Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja. Mtu anatazama video mpya, anabofya kadi ya mwisho, au anaingia kwenye ukurasa wa chaneli, au video ya zamani inapendekezwa pembeni naye anaifungua. Hatua hii huacha alama. Ukifungua takwimu za video ya zamani katika YouTube Studio, sehemu ya vyanzo vya watazamaji itakuonyesha `Suggested videos`, `End screens` au `Channel pages`, na kwenye mapendekezo unaweza hata kuona ni video ipi iliyomleta.

Njia ya pili haina alama. Mfugaji aliyekuwa amekusahau kwa miezi miwili anatazama video yako mpya Alhamisi usiku. YouTube inaona kwamba amerudi kwako. Ijumaa mchana anafungua simu, na ukurasa wake wa mwanzo unamletea video yako ya zamani kuhusu chakula cha kuku wa mayai. Takwimu zitaandika kwamba alitoka `Browse features`. Hakuna mahali patakapoandikwa kwamba video mpya ndiyo iliyomrudisha.

Kwa hiyo ukihesabu mibofyo yenye alama tu, utapata kiasi cha chini kabisa cha mvuto huo, kile kisichobishaniwa. Ili uikamate na njia ya pili, inabidi uanze na jumla ya chaneli nzima kwa siku, utoe video mpya, kisha ulinganishe kinachobaki na siku za kawaida.

Kabla ya kuhesabu: siku ya YouTube si siku yako

Hapa watu wengi wa Afrika Mashariki hukosea bila kujua. Takwimu za YouTube huhesabu siku kwa saa za Pasifiki, pwani ya magharibi ya Marekani. Kwa saa za kwetu, siku hiyo huanza saa 4:00 asubuhi kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Novemba, na saa 5:00 asubuhi katika miezi iliyobaki.

Ukipandisha video Alhamisi saa 2:00 usiku mwezi Julai, inaandikwa Alhamisi na inapata saa 14 kabla siku haijafungwa. Ukiipandisha Alhamisi ileile saa 2:00 asubuhi, inaandikwa Jumatano, na siku yake ya kwanza ina saa mbili tu. Ukilinganisha siku za kwanza za video hizo mbili, unalinganisha saa 14 na saa mbili. Suluhisho si gumu: chagua saa moja ya kupandisha, ya jioni, na usiibadilishe kwa muda wote wa kipimo.

Jambo la pili ni subira. Namba za siku mbili tatu za mwisho katika takwimu huwa hazijatulia. Ukimaliza wiki ya kipimo, subiri siku tatu ndipo upakue.

> Kama una simu tu
> Ukurasa wa maelezo ya chaneli, ule unaoonekana na kila mtu, huandika jumla ya utazamaji tangu chaneli ianzishwe. Andika namba hiyo kwenye daftari kila siku saa ileile, kwa mfano saa 2:00 usiku, na papo hapo andika namba iliyo chini ya video mpya. Namba ya leo ukiitoa ya jana unapata takriban utazamaji wa siku moja. Siku yako itakuwa siku ya daftari lako, haitafanana na ya Studio. Usichanganye namba za vyanzo hivyo viwili kwenye hesabu moja. Na usifute wala kuficha video yoyote katikati ya kipimo.

Hatua za kupima

1. Fungua YouTube Studio kwenye kompyuta. Nenda `Analytics`, kisha `Advanced mode`. Weka kipindi cha wiki 12 zilizopita, chagua `Views`, na mgawanyo wa kila siku.

2. Ondoa video fupi. Chuja aina ya maudhui ili zibaki video za kawaida tu. Tangu 31 Machi 2025, YouTube huhesabu Shorts kila inapoanza kucheza au kurudiwa, bila kudai muda wowote wa kutazama. Namba zake hupanda na kushuka kwa sababu zake zenyewe, na Shorts moja iliyoshika kasi inaweza kuufunika mvuto wote unaoutafuta.

3. Pakua kwa muundo wa CSV. Utapata faili la ZIP, na ndani yake kuna `Table data.csv`, ambalo utalifungua kwa Excel au Google Sheets. Kisha ichuje video mpya peke yake na upakue ya kwake.

4. Panga safu: A tarehe, B jumla ya chaneli, C utazamaji wa video mpya. Wiki nne za kabla ya kupandisha zikae mstari wa 2 hadi wa 29. Siku ya kupandisha iwe mstari wa 30.

5. Safu ya D ni za zamani, yaani B kutoa C. Kwa siku za kabla ya kupandisha, C ni sifuri.

6. Safu ya E ni kiwango cha kawaida. Kwa Alhamisi chukua Alhamisi nne zilizopita, kwa Jumapili Jumapili nne, na uchukue namba ya katikati badala ya wastani, ili siku moja ya ajabu isikupotoshe.

7. Safu ya F ni ziada: D kutoa E.

```
D30:  =B30-C30
E30:  =MEDIAN(D2,D9,D16,D23)
F30:  =D30-E30
```

Buruta fomula hizi hadi mstari wa 36, usipite hapo. Mstari wa 37 ungeanza kuchukua D30, siku ya kupandisha yenyewe, kama siku ya kawaida. Ukitaka kufuatilia wiki ya pili, andika `=E30` kwenye E37 na uendelee hivyo kushuka.

Kwa nini siku ileile ya wiki? Kwa sababu chaneli ya kuku ina Jumapili yake. Mtu mwenye ajira Dar es Salaam na banda Maili Moja hupata nafasi ya kutazama mwishoni mwa wiki. Ukiilinganisha Jumamosi na wastani wa wiki nzima, kila video unayopandisha Alhamisi itaonekana ina mvuto mkubwa, hata kama haina.

Mfano wenyewe

Chaneli yetu ya Maili Moja imekaa wiki tano bila kupandisha kitu. Alhamisi saa 2:00 usiku inapandisha video ya kutengeneza kitalu cha joto cha vifaranga kwa mkaa. Wiki inaisha hivi:

| Siku | Jumla ya chaneli | Video mpya | Za zamani | Kawaida | Ziada |
|---|---|---|---|---|---|
| Alhamisi | 5,300 | 2,900 | 2,400 | 2,100 | 300 |
| Ijumaa | 4,950 | 2,200 | 2,750 | 2,150 | 600 |
| Jumamosi | 4,700 | 1,600 | 3,100 | 2,600 | 500 |
| Jumapili | 4,500 | 1,250 | 3,250 | 2,900 | 350 |
| Jumatatu | 3,300 | 900 | 2,400 | 2,200 | 200 |
| Jumanne | 2,800 | 700 | 2,100 | 2,050 | 50 |
| Jumatano | 2,550 | 600 | 1,950 | 2,000 | −50 |
| Jumla | 28,100 | 10,150 | 17,950 | 16,000 | 1,950 |

Anayeangalia jumla ya chaneli peke yake ataona wiki imepanda kutoka 16,000 hadi 28,100 na kusema chaneli nzima imeamka. Kwa kweli, katika ongezeko hilo la 12,100, video mpya yenyewe ni 10,150. Za zamani zimeongezewa 1,950.

Gawanya 1,950 kwa 10,150. Kila watu 100 walioitazama video mpya waliambatana na kama 19 wa ziada kwenye za zamani. Uwiano huu ndio ninaoupenda kuliko namba yenyewe, kwa sababu unakuwezesha kulinganisha video iliyopendwa na ile iliyopita kimyakimya.

Angalia pia umbo la ziada. Alhamisi ni ndogo kwa sababu siku ile haikuwa kamili na watu walikuwa bado kwenye video mpya. Kilele ni Ijumaa, siku moja baada ya kilele cha video mpya. Ni sura unayoweza kuitarajia pale njia ya pili inapofanya kazi: mtu anatazama leo, anapendekezewa kesho. Ziada inayofika kilele Jumanne, siku tano baada ya kupandisha, inanitia shaka.

Je, 1,950 ni kweli au ni bahati?

Za zamani hupanda na kushuka zenyewe. Kabla ya kuiamini namba yako, ipime na wiki bandia. Rudi kwenye data ya wiki 12, chagua wiki ambazo hukupandisha chochote, jifanye ulipandisha Alhamisi, na ufanye hesabu ileile ya ziada ya siku saba. Kila wiki bandia inahitaji wiki nne za kawaida nyuma yake, ndiyo maana tulipakua data ndefu. Kama wiki 12 hazikukupa wiki bandia nne, rudi nyuma zaidi.

Tuseme wiki bandia nne zilikupa −400, 550, 250 na −700. Maana yake chaneli hii hutikisika hadi mia saba hivi bila sababu yoyote. Ziada ya 1,950 iko nje kabisa ya mtikisiko huo, kwa hiyo unaweza kuisimamia. Ingekuwa 600, jibu la haki lingekuwa kwamba mvuto haujaonekana, hata kama ungetamani kuuona.

Wiki bandia hukufichulia na jambo jingine. Kama zote zinatoa namba hasi, chaneli yako inashuka polepole, na kiwango chako cha kawaida kimewekwa juu mno. Mvuto halisi ni mkubwa kuliko ulioandikwa. Kama zote ni chanya, ni kinyume chake.

Makosa yanayoharibu kipimo

*Video ya wiki iliyopita kuhesabiwa ya zamani.* Hili ndilo kubwa kuliko yote kwa anayepandisha kila wiki. Video ya Alhamisi iliyopita bado inashuka kutoka kilele chake. Ukiitoa mpya tu kwenye jumla, ile ya juzi inabaki upande wa zamani, na kushuka kwake kunameza ziada yote. Utaona mvuto hasi pasipokuwa na mvuto hasi. Weka kanuni: ya zamani ni ile iliyotoka kabla kipimo hakijaanza, wiki nne za kawaida zikiwemo. Zote zilizotoka baadaye zitoe kwenye jumla, zikiwa mbili au tano.

Hata ukifanya hivyo, anayepandisha kila wiki bado ana tatizo: kiwango chake cha kawaida tayari kina mvuto wa video zilizotangulia. Anachopima ni kama video hii imevuta kuliko kawaida yake, si kama kupandisha kunavuta. Dawa ninayoiamini ni kurusha sarafu. Rekodi video kadhaa uziweke akiba. Kila Jumatano rusha sarafu: ikiangukia kichwa, pandisha kesho yake, ikiangukia upande mwingine, nyamaza wiki hiyo. Fanya hivyo kwa wiki 10 au 12, kisha linganisha wastani wa za zamani katika wiki za kupandisha na wiki za ukimya. Sarafu ina kazi kubwa hapa. Ukichagua mwenyewe, utapandisha wiki ambazo unahisi watu wapo, na huko kuhisi kutaingia kwenye namba.

*Msimu kudhaniwa ni mvuto.* Kuku wa nyama hukaa bandani wiki tano hadi sita, kwa hiyo vifaranga wa Krismasi huingizwa karibu na katikati ya Novemba. Watu hutafuta masomo ya vifaranga wakati huohuo. Ukipandisha video tarehe 10 Novemba na kulinganisha na Oktoba, za zamani zitapanda hata kama video yako mpya haikutazamwa na mtu. Vivyo hivyo kideri kikizuka: video yako ya zamani ya chanjo itapata watu kwa kuwa kuku wanakufa, si kwa kuwa umepandisha kitu.

Utajuaje? Fungua vyanzo vya watazamaji wa za zamani kwa wiki ile na kwa wiki nne za kabla. Kama kilichopanda ni `YouTube search`, watu walikuja wakitafuta. Hiyo si kazi ya video mpya. Kama kilichopanda ni `Browse features`, `Suggested videos` na `Channel pages`, mvuto una ushahidi. Kikipanda `External`, huenda mtu amerusha mojawapo kwenye kundi la WhatsApp.

*Siku za mtandao kukatika.* Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Chaneli yenye watazamaji wa Tanzania ina shimo kwenye tarehe hizo. Shimo likiwa ndani ya wiki zako nne za kawaida, hushusha kiwango na kuipa video yoyote inayofuata sifa isiyostahili. Futa siku hizo kwenye safu ya D, uache seli tupu, `MEDIAN` itazipita.

*Video moja kubeba ziada yote.* Panga za zamani kwa ongezeko. Ziada ya kweli husambaa kwenye video kadhaa, hasa zinazokaribiana na mada ya mpya. Ikiwa 1,500 kati ya 1,950 zimekwenda kwa moja, ichunguze hiyo kwanza.

*Kulipia tangazo.* Video mpya iliyosukumwa kwa fedha hupata watu wengi ambao hawakukuchagua. Uwiano wako utashuka, na hutajua kama video ni dhaifu au tangazo ndilo lililoleta wapita njia. Wiki za matangazo ziweke kando.

Usishangae ukipata mvuto hasi wa kweli. Video mpya yenye mada ileile, kichwa kinachofanana na picha inayofanana inaweza kuchukua nafasi ya dada yake kwenye mapendekezo. Utaigundua kwa sababu ile moja inaporomoka huku nyingine zikibaki palepale.

Orodha ya kukagua kabla ya kuiamini namba

- Saa ya kupandisha ni ileile kwa video zote zinazolinganishwa.
- Video fupi zimeondolewa kwenye jumla.
- Siku tatu zimepita tangu wiki ya kipimo iishe.
- Video zote zilizotoka ndani ya kipindi zimetolewa, si ya mwisho tu.
- Siku za mtandao kuzimwa zimeachwa tupu.
- Wiki bandia zisizopungua nne zimehesabiwa.
- Vyanzo vya watazamaji vimeangaliwa.

Namba hii uitumie wapi

Iweke kwenye uamuzi wa kazi ya wiki. Mwenye chaneli ya Maili Moja ana siku moja ya kurekodi: apandishe video mpya, au akae abadilishe picha na vichwa vya video kumi za zamani? Uwiano wa 19 kwa 100 unamwambia kwamba video mpya yenye watazamaji 10,000 wiki ya kwanza inazipa za zamani kama 1,900, halafu inaisha ndani ya siku sita. Kama marekebisho ya za zamani yanaleta 100 tu kwa siku lakini yanadumu, siku ya 20 tayari yameipita nyongeza hiyo.

Uwiano wa video moja usiuchukulie kuwa sheria ya chaneli. Kusanya tano au sita, ukiandika mada ya kila moja, ndipo utaona kama ni vifaranga, chakula au magonjwa yanayorudisha watu kwenye hazina yako. Na wiki ambayo ziada haikuvuka mtikisiko wa wiki bandia, iandike kwenye daftari kama ilivyo: mvuto haujaonekana.